Barua ya mzee inasema "hajawahi kupatikana na wizi". Naihamishaje kwa Kiingereza bila kumharibia kijana?

Karani_Makorora
Wakuu, nahitaji msaada wa haraka kidogo, maana barua inatakiwa Ijumaa.

Hapa Tanga kuna mzee ana hoteli ndogo ya vyumba 22. Kijana aliyekuwa mtunza stoo wake ameomba kazi ya stoo kwenye hoteli kubwa Dubai, na wamemwambia alete barua ya mwajiri wa zamani kwa Kiingereza. Mzee kaandika barua yake kwa Kiswahili, kwa mkono, na kusema kweli ni barua nzuri. Akanipa mimi niitie Kiingereza kwa kuwa nina kibanda cha kuchapa na kutafsiri. Sehemu yenyewe ni hii:

"YAH: KUMTAMBULISHA MTAJWA HAPO JUU. Husika na kichwa cha habari. Mtajwa amefanya kazi katika hoteli yetu tangu Machi 2016 hadi Juni 2023 akiwa mtunza stoo. Kwa kipindi chote hicho hajawahi kupatikana na kosa la wizi wala ulevi. Ni mtiifu, mchapakazi, mcha Mungu, mwenye heshima kwa wakubwa na wadogo, na hakuwahi kutusumbua kwa lolote. Ni baba wa watoto watatu. Ameondoka kwa ridhaa yake tukiwa bado tunamhitaji. Tunaomba apewe ushirikiano."

Mimi nikaanza hivi:

```
He has worked for us for seven years.
He has never been found guilty of theft or drunkenness.
He is obedient and God-fearing.
He never disturbed us.
```

Nikaisoma mara mbili nikasita. Kwa Kiswahili huyu ni kijana wa kuaminika. Kwa Kiingereza anasikika kama mtu aliyetoka rumande juzi. Neno kwa neno sijakosea, ila kitu kimepotea. Nifanyeje?

Bondeni_Boy
Mkuu hiyo ya utambulisho si unaenda tu kwa mtendaji wa mtaa? Mimi ya pasi ya kusafiria nilipewa siku hiyohiyo, ukiwa na picha mbili na kitambulisho. Haina haja ya mwajiri.

Karani_Makorora
Ndugu, hiyo ni ya mkazi. Hii ni ya kazi, wanataka kujua alivyokuwa kazini. Kichwa cha mzee ndicho kimekuchanganya, kaandika "kumtambulisha" kwa mazoea.

Kilosa_Hamburg
Niko Ujerumani mwaka wa 14 sasa, nisikilizeni. Barua za kazi huku Ulaya ni mafumbo. Hapa sheria inakupa haki ya kupewa cheti cha kazi na hairuhusiwi kukusema vibaya waziwazi, kwa hiyo waajiri wametengeneza ngazi. Wakiandika ulifanya kazi "daima kwa kuturidhisha kikamilifu kabisa", hiyo ni alama ya juu. Wakiondoa "daima" umeshuka. Wakiandika "kwa kuturidhisha" tu, bila nyongeza, wewe ni wa mkiani. Na wakiandika "alijitahidi", basi tena, maana yake ulijaribu ukashindwa. Kwa hiyo mwambie mzee aweke kila sifa kwenye kilele: daima, kabisa, mno. Usimwonee haya, Mzungu anasoma ngazi.

Shangazi_Kizingo
Kilosa, ya Wajerumani umeyasema sawa, ila hiyo ni mila ya Wajerumani na sheria yao. Barua ya Kiingereza haina ngazi iliyokubaliwa namna hiyo, na ukimjazia Mwingereza "daima, kabisa, mno" ataona mwandishi anamfichia kitu au hamjui anayemsifu. Palipo na ukweli ni hapo pa "alijitahidi". Kwa Kiingereza nako ni sifa ya mtu aliyeshindwa, na kwetu ni pongezi.

Karani mwanangu, nimefanya kazi idara ya utumishi kwenye hoteli za Dubai miaka tisa kabla sijarudi Mombasa, barua kama hizi nimezisoma kwa mafungu. Nikwambie msomaji wa kule anavyosoma.

Kwetu sifa kubwa husemwa kwa kukanusha. Hajaiba, hajalewa, hajatusumbua, hana makuu, hana neno na mtu. Mtu wetu akisoma hivyo anatulia. Msomaji wa Kiingereza anachukulia kwamba kutoiba ni kiwango cha chini ambacho hakisemwi, kwa hiyo ukikitaja anajiuliza kwa nini umekitaja. Kuna nini huko nyuma? Alishtakiwa akaachiwa? Hiyo "found guilty" yako imezidisha, maana ni maneno ya mahakamani. Mzee hakusema alishtakiwa.

"Obedient" wanaambiwa watoto na mbwa. "Mcha Mungu" na "baba wa watoto watatu" vitoke kabisa. Si kwamba ni vibaya, ila mwajiri wa namna ile hatakiwi kuchagua mtu kwa dini wala kwa familia, na akiviona kwenye barua vinamtia mashakani badala ya kumsaidia kijana.

Halafu angalia sentensi yako ya kwanza. "Has worked" inamwambia msomaji bado yuko kwenu. Hiyo "-me-" yetu inabeba hata kazi iliyokwisha, mradi tu matokeo yake yapo. Ya Kiingereza haibebi. Andika "worked" au "kept", na tarehe zote mbili. Nimewahi kuona barua inarudishwa kwa kosa hilo tu, ofisi ikauliza huyu mtu ameacha kazi au anatoroka?

mtafsiri_kiapo
Samahani Shangazi, mimi napinga. Nafanya tafsiri za vyeti na hati za mahakama. Mfasiri hana ruhusa ya kuondoa "mcha Mungu" wala ya kugeuza "hajawahi kuiba" kuwa "mwaminifu". Kilichoandikwa ndicho kinachotafsiriwa. Karani akiweka muhuri wake kwamba hii ni tafsiri sahihi halafu akaacha watoto watatu nje, huo ni uongo wa kiapo. Mimi ningetafsiri kama ilivyo, Mwingereza ajijue.

Shangazi_Kizingo
Uko sahihi kwa hati, ndugu yangu. Ingekuwa hukumu au cheti cha ndoa nisingegusa nukta. Lakini hapa hakuna aliyeomba tafsiri ya hati, wameomba barua ya mwajiri kwa Kiingereza. Mwenye barua ni mzee. Mzee akikubali barua ya Kiingereza iandikwe hivi na akaitia sahihi mwenyewe baada ya kusomewa, hiyo ni barua yake ya pili, si tafsiri yenye muhuri wa Karani. Kosa ni Karani kubadili halafu mzee akatia sahihi asichokijua.

mtafsiri_kiapo
Hapo nakubali, mradi neno "tafsiri" lisionekane juu yake.

Wakili_Mtarajiwa
Naongeza kidogo upande wa sheria, kwa sababu watu wanachanganya. Hapa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi mtu anapoondoka. Hicho ni cha lazima. Sifa ni hiari. Kenya sheria yao ya 2007, kifungu cha 51, inasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya tabia wala ya utendaji. Kwa hiyo kijana awe na vyote viwili, cheti cha utumishi kibebe tarehe na cheo, na barua ibebe mengine.

Na Uingereza tangu kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance ya 1994 mwajiri anayeandika barua kizembe anaweza kudaiwa fidia na aliyeandikwa. Kampuni nyingi kule sasa zinatoa tarehe na cheo tu basi. Ndiyo maana barua inayosema mambo ya kweli kwa undani ina thamani kuliko zamani.

Dada_Tabata
Jamani haya mambo yalinikuta. Nilifanya usafi na kulea watoto kwa familia moja miaka minne, mama mwenye nyumba aliniandikia kwa Kiswahili "ni binti mtulivu, hana maneno, anajua nafasi yake", mtu wa kibanda akaitia Kiingereza hivyohivyo. Nilipoenda kwenye usaili, yule mama wa kigeni akaniuliza "did they treat you badly?" Nikashangaa, nikajibu hapana, walinipenda. Kazi sikupata. Mpaka leo najiuliza kama ilikuwa hiyo "nafasi yake".

Shangazi_Kizingo
Pole mama. Inawezekana sana ilikuwa hiyo. Kwa Kiingereza hayo maneno yanamwambia msomaji habari za tajiri wako kuliko zako.

Karani_Makorora
Shukrani wote. Sasa nimeelewa cha kutoa. Nisichokijua ni cha kuweka, maana nikitoa hayo yote barua inabaki na jina na tarehe. Niandike "mwaminifu sana, mchapakazi sana"?

Shangazi_Kizingo
Hapana. Hapo ndipo watu wengi hukwama, wanadhani kazi ni kupandisha sifa au kuishusha. Usiguse kivumishi. Chukua kila sifa ya mzee, nenda kamwulize: uliona nini hata ukasema hivi? Mzee hakuandika "hajawahi kupatikana na wizi" kwa kukosa maneno. Stoo ya hoteli ndiyo mahali pa kuibia, mchele, mafuta, samaki, vinywaji. Anataka kusema jambo kubwa. Muulize analijuaje. Uende na daftari.

Na ile "mchapakazi" peke yake, kwa kazi ya usimamizi, ni sifa dhaifu kwa Kiingereza. Ukiona barua imejaa bidii, kuwahi na unadhifu bila kutaja kazi yenyewe, msomaji anahisi huyu mtu hana kingine.

Kilosa_Hamburg
Kwa hiyo Wamarekani je? Binamu yangu yuko Minnesota, barua zao zote ni "the best I have ever seen".

Shangazi_Kizingo
Mmarekani anategemea sauti ya juu zaidi, hilo kweli. Hata neno moja linawagombanisha. `Quite good` kwa Mmarekani ni nzuri hasa, kwa Mwingereza ni nzuri kiasi, karibu kusema si nzuri. Ndiyo maana mimi huliepuka. Ila sentensi yenye jambo lililotendeka haihitaji kupandishwa wala kushushwa, wote wawili wataipima wenyewe. Karani, wakubwa wa hoteli hiyo ni watu wa wapi?

Karani_Makorora
Kijana anasema aliyemhoji ni Mwingereza. Naenda kwa mzee leo jioni.

Karani_Makorora
Nimerudi. Wakuu, sikutegemea.

Nikamwuliza mzee, ulijuaje haibi? Akacheka, akaingia ndani akatoka na madaftari ya stoo. Ya kabla ya 2019 yalilowa paa lilipovuja, kwa hiyo yaliyopo ni Januari 2019 mpaka Juni 2023. Kila mwisho wa mwezi kijana alihesabu stoo yote, akaandika iliyopo rafuni pembeni ya iliyomo kwenye leja, na mzee au binti yake akatia sahihi. Miezi mitatu ya 2020 hoteli ilifungwa, kurasa ni tupu. Nikahesabu mwenyewe, zinabaki hesabu 51. Hesabu zilizotofautiana ni mbili. Moja katoni mbili za mafuta ya kupikia, nyingine kilo sita za sukari. Zote mbili pembeni kuna mwandiko wa kijana mwenyewe: "pungufu, nimemwarifu mzee". Ya mafuta ilikuja kuonekana kwamba msambazaji alileta pungufu na kijana alitia sahihi ya mapokezi bila kufungua boksi.

Nikamwuliza hiyo "hakuwahi kutusumbua". Mzee akasimulia usiku mmoja umeme ulikatika, jenereta ikagoma, friza ina samaki kama kilo 40 wa harusi ya kesho yake. Kijana hakumpigia mtu simu. Alikwenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri na bajaji, akanunua barafu kwa pesa yake, akawapanga samaki kwenye madebe. Mzee aliyajua hayo asubuhi alipoletewa risiti. Kwa mzee hiyo ndiyo maana ya "hakutusumbua". Mimi nilikuwa nimeandika "never disturbed us"!

Dada_Tabata
Jamani huyo kijana.

Shangazi_Kizingo
Umeona sasa. Lakini chunga jambo moja, ile ya mafuta usiifiche. Andika kwamba tofauti zilikuwa mbili na aliziripoti mwenyewe. Mwingereza akisoma "hakuna hata moja" hataamini. Akisoma mbili, ataamini na 49.

Na kuna sentensi ya mzee hamjaisema, nyote mmeipita. "Tukiwa bado tunamhitaji." Kwetu ni adabu ya kuagana, inaandikwa hata kwa anayefukuzwa kwa upole. Kwa Kiingereza hilo ndilo swali la kwanza wanalouliza kwa simu: ungemwajiri tena? Kamwulize mzee kama ni kweli au ni adabu. Kama ni kweli, ndiyo sentensi nzito kuliko zote na ikae mwisho.

Karani_Makorora
Nimempigia. Anasema, "Kesho asubuhi akija nampa funguo." Halafu akaongeza, "ila aache kuchelewa." Kumbe alikuwa anachelewa asubuhi, si sana, nusu saa, mara mbili tatu kwa mwezi, anaishi mbali. Kwenye barua hakuandika. Sasa nifanyeje na hilo?

Wakili_Mtarajiwa
Usiandike kwamba anawahi. Basi. Barua haisemi kila kitu.

mtafsiri_kiapo
Hapo ndipo mnaponitia wasiwasi. Msomaji wa Kiingereza mmesema wenyewe anasoma kisichosemwa. Akiona hakuna neno la muda, ama atahisi, na kumbe kijana mmemharibia kimyakimya, ama hatahisi, na kumbe mmemdanganya. Chagueni.

Kilosa_Hamburg
Huku wangesema "alijua umuhimu wa kuwahi" 😂

Shangazi_Kizingo
Mimi ningeacha. Mzee kwa Kiswahili hakulitaja, na sisi hatuongezi aibu wala sifa ambayo mwenye barua hakuweka. Wakimpigia simu wakauliza, ajibu kweli. Mtafsiri, hoja yako siidharau, ila sioni barua ipi duniani ingepita kwenye kipimo hicho.

Sasa hilo la simu. Mzee Kiingereza anajua?

Karani_Makorora
"Good morning" na bei za vyumba.

Shangazi_Kizingo
Basi ndiyo hatari iliyobaki. Wakipokea barua ya Kiingereza safi, wakapiga simu, akapokea mtu asiyeweza kujibu sentensi mbili, wataona barua imeandikwa na kijana mwenyewe. Nimeziona zikitupwa kwa sababu hiyo. Weka mstari chini kwamba mzee anaongea Kiswahili, kwamba barua imeandaliwa kwa Kiingereza akaisomewa na kuikubali, na ambatisha ile ya mkono. Hoteli za kule zimejaa watu wetu, hawatakosa wa kumwuliza kwa Kiswahili. Na cheo kibaki mtunza stoo. Usimpandishe kuwa meneja wa manunuzi hata kama alinunua barafu, maana cheti cha utumishi kitasema vingine.

Karani_Makorora
Nimeandika hii, kiini chake tu:

```
He kept our dry and cold stores from March 2016 to June 2023.
Our ledgers since January 2019 hold 51 month-end counts.
Shelf and ledger differed twice. He reported both himself.
When the power failed the night before a wedding, he bought
ice with his own money and saved about 40 kg of fish.
I was sorry to lose him and would employ him again.
```

Heshima kwa wakubwa na wadogo sijajua niiweke vipi. "Respectful to elders and juniors" inasikika kama shule.

Shangazi_Kizingo
Nzuri. Hiyo ya heshima mwulize mzee alikuwa na heshima kwa nani hasa. Wapishi? Wasambazaji?

Dada_Tabata
Karani, samahani kuuliza, na ile yangu ya zamani naweza kukuletea uirekebishe? Yule mama bado yupo Mikocheni.

Karani_Makorora
Dada, lete, ila itabidi twende wote kwa mama mwenyewe. Nitumie namba ujumbe wa pembeni.

Shangazi, nimemwuliza. Mzee anasema jikoni walikuwa wanagombana na kila mtunza stoo aliyepita, kwa sababu mpishi anataka vitu bila hati. Huyu alikuwa hampi mpishi kitu bila hati, na bado mpishi akawa anamwita mwanangu. Naona hilo ndilo. Nimejaribu:

```
He issued nothing without a signed slip, and the kitchen liked him.
```

Shangazi_Kizingo
Acha hivyohivyo. Usiguse tena.

Karani_Makorora
Nimemsomea mzee mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Nilipofika pa samaki akasema, "Hayo mbona sikuyaandika?" Nikamwambia uliyaandika, uliita kutotusumbua. Akatia sahihi zote mbili. Ila akasisitiza "mcha Mungu" irudi. Nimemwambia ipo kwenye ile ya mkono, nayo inakwenda pamoja. Amenikubalia kwa shingo upande.

mtafsiri_kiapo
Mzee ana haki ya kurudisha neno lake, Karani. Barua si yako.